Nembo ya mzinga wa gogo: kutoka picha ya akili mnemba hadi vekta safi

Iombe programu ya akili mnemba ikutengenezee "nembo ya asali" uone italeta nini: nyuki, pembesita, tone linalodondoka. Hazijachorwa vibaya. Tatizo ni kwamba kila muuza asali tayari anazo, na ombi la jumla hurudisha kilichozoeleka. Kwa hiyo naanza na kitu halisi. Kwa asali ya Tabora, kitu hicho ni mzinga wa gogo unaoning'inizwa mtini. Ukiutazama kwa upande wa kichwa unaona duara, tundu dogo la nyuki, na kamba juu.

Maelezo ninayoipa programu ni mafupi: mzinga wa gogo ukitazamwa kutoka kichwani, kamba moja juu, weusi mtupu juu ya weupe, bila kivuli, bila maandishi. Rangi ije baadaye, kwani huficha udhaifu wa umbo. Maandishi nayakataza kwa sababu herufi huweza kutoka na miguu ya ziada. Nikishapata picha 30 hivi, nazipunguza zote hadi upana wa pikseli 32 na kuzipanga kwenye ukurasa mmoja. Inayogeuka doa natupa. Hubaki tatu au nne, na hizo nazipitisha kwenye utafutaji wa picha mtandaoni, maana huenda umbo likakaribiana mno na nembo ya mtu mwingine. Utafutaji huo hautoshi. Alama ikaguliwe pia kwenye usajili wa alama za biashara, BRELA kwa Tanzania Bara au KIPI kwa Kenya, kabla mteja hajalipia bango.

Tuseme mteja kachagua moja, yenye upana wa pikseli 1024. Ukiichapa kwa pikseli 300 kwa inchi, haifiki hata sentimita 9. Ukiitandaza kwenye bango la mita 3, kila pikseli inakuwa kijiraba cha karibu milimita 3. Programu za kukuza picha haziponyi ugonjwa huu, zinabahatisha tu kingo zilipaswa kupita wapi.

Na ukubwa si kasoro pekee. Ikuze kwenye skrini hadi asilimia 800. Ukingo uliodhani ni mweusi una safu ya vijivu, na weupe wa nyuma si weupe kamili, ndiyo maana ukiiweka juu ya rangi nyingine linatokea boksi hafifu. Pima duara: upana 612, kimo 598. Si duara, ni yai. Kamba inaingia nyuma ya mzinga na kutokea mahali pasipolingana.

Dawa ni vekta, yaani mchoro wa mistari inayokokotolewa upya kwa kila ukubwa. Wengi hapa hukimbilia Trace Bitmap, zana ya programu ya Inkscape inayogeuza picha kuwa vekta yenyewe. Inafuata ukingo kwa uaminifu, pamoja na makosa yake yote, na yai lile linarudi likiwa na nodi, yaani vituo vya mstari, nyingi zisizo na kazi. Kisu cha mashine ya kukata stika hupita kwenye kila moja, ukingo unatoka na vijino, na stika inachanika unapobandua mabaki.

Mimi naiweka picha kwenye tabaka la chini, naififisha hadi asilimia 30, naifunga, kisha nachora upya juu yake. Duara lile zima linakuwa mstari huu:

```
<circle cx="500" cy="500" r="400"/>
```

Kamba naichora kwa nodi chache, nikiziweka pale mkunjo unapofika juu kabisa, chini kabisa, kushoto au kulia kabisa, na vishikio vyake vya kupindia mstari vikiwa wima au mlalo.

Kwenye picha, gogo lilikuwa na pete tano za mbao, zikiachana kwa vipimo 12 katika upana wa 1000. Nembo ikichapwa kwenye kifuniko cha chupa kwa upana wa milimita 20, mwanya huo ni milimita 0.24 tu. Wino ukitanuka kidogo, umezibika. Nabakiza pete tatu na kupanua mwanya hadi 25, yaani nusu milimita. Haifanani tena kabisa na picha aliyoipenda mteja, na hilo namwambia mapema.

Jina la biashara naliandika kwa fonti yenye leseni, kisha naligeuza kuwa umbo kwa Object to Path, ili lisibadilike kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo. Mistari ya pete naigeuza kwa Stroke to Path, la sivyo unene wake unaweza kubaki palepale nembo inapokuzwa.

Kabla ya kuhifadhi, futa lile tabaka la chini. Picha ya pikseli ya PNG iliyotiwa ndani ya faili la vekta la SVG inabaki kuwa PNG. Ukiletewa "vekta" na mtu mwingine, ifungue kwenye kihariri cha maandishi utafute `<image`. Ukiikuta, umepewa picha ileile iliyovalishwa jina jipya.