Kodi ya duka si pesa ya kutupa: hesabu ya miaka 10

Kazi yangu ni kuthamini majengo ya biashara hapa Mombasa, na maneno ninayoyasikia kila kukicha ni haya: "Bora ninunue. Kodi ni pesa za kutupa." Anayeyasema mara nyingi duka lake linakwenda vizuri, ana akiba yake, na dalali ashamzungusha Nyali kumwonyesha jengo jipya. Ukimwuliza hesabu, analinganisha kodi ya mwezi na malipo ya benki ya mwezi, halafu ananyamaza.

Dhana: Ukipanga unatupa, ukinunua unaweka akiba

Tuchukue duka moja la mfano. Bei yake ni shilingi milioni 15, na duka hilo hilo linapangishwa kwa 75,000 kwa mwezi. Kodi inapanda asilimia 5 kila mwaka. Ada ya huduma ya jengo, yaani askari, usafi na jenereta, wote wawili wanailipa, kwa hiyo nimeiweka kando.

Mpangaji akikaa miaka 10 atalipa kodi ya jumla ya milioni 11.3. Mwongezee laki tatu za mawakili na kusajili mikataba, ifike 11.6. Kama alitoa gudwili kuingia, nayo iingie hapa. Watu wengi huisahau kwa sababu haina risiti.

Sasa mnunuzi. Anatoa milioni 6 mkononi na kukopa 9 kwa riba ya asilimia 15, alipe kwa miaka 10. Kila mwezi benki inachukua kama 145,000, na mpaka amalize atakuwa ameipa milioni 17.4. Siku ya kununua, ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani, yaani laki sita. Wakili, mthamini na usajili wanamaliza laki tatu nyingine. Baada ya hapo kuna reti za kaunti, kodi ya ardhi ya serikali, bima na ukarabati. Mimi huweka laki mbili kwa mwaka, na kwa jengo la karibu na bahari sioni kama nimezidisha. Chumvi ya hewani haina huruma: milango ya shata inaliwa na kutu kuanzia chini, na chini ya kibaraza utaona zege limevimba, ukiligonga linabanduka na nondo zinaonekana zimeota kutu. Mpangaji akiona hivyo anampigia simu mwenye nyumba. Mwenye nyumba sasa ni wewe.

Jumlisha: milioni 6, laki tisa, 17.4, na 2 za matunzo. Ni milioni 26.3 dhidi ya 11.6.

Hapo mteja huniambia, "Lakini mimi nimebaki na duka." Kweli, umebaki nalo, na lina thamani. Swali ni kwamba mpangaji amebaki na nini. Yeye hakutoa zile milioni 6.9 za mwanzo, na mwaka wa kwanza kila mwezi anabaki na kama 87,000 ambazo mnunuzi anazipeleka benki na kwenye matunzo. Tuseme pesa zote hizo anaziweka mahali zinapomzalishia asilimia 10 kwa mwaka baada ya ushuru, iwe ni hatifungani za serikali au mzigo wa duka lake mwenyewe. Baada ya miaka 10 ana takriban milioni 31.

Ili mnunuzi amfikie, lazima auze duka abaki na milioni 31 mkononi. Akishamlipa dalali, na KRA ikichukua asilimia 15 ya faida (ilikuwa asilimia 5 mpaka mwisho wa 2022), duka la milioni 15 itabidi liuzwe karibu milioni 35. Yaani bei ipande kama asilimia 9 kila mwaka, miaka 10 mfululizo. Na usiniambie utanunua taslimu ukwepe riba. Nimeipiga hiyo pia: bei bado inatakiwa ifike kama milioni 30, kwa sababu pesa yako nayo ilikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Kitu kinachoamua hapa ni uwiano wa kodi na bei. Gawanya kodi ya mwaka kwa bei ya kununua. Duka letu ni 900,000 kwa milioni 15, asilimia 6, na hapo kupanga kunashinda. Lakini kama duka hilo hilo lingepangishwa kwa 120,000 kwa mwezi, uwiano ni karibu asilimia 10, na mnunuzi angehitaji bei ipande kama asilimia 4 tu kwa mwaka. Hapo na mimi ningekwambia nunua. Hali kadhalika kama mwenye nyumba anatoza VAT ya asilimia 16 juu ya kodi na wewe, kwa mfano, una zahanati, biashara isiyoweza kuidai irudi: hiyo ni gharama kamili, iingize kwenye kodi kabla ya kugawanya.

Sharti moja: mpangaji lazima pesa ile aifanyie kazi kweli. Akiimaliza kwa gari na harusi, mnunuzi ameshinda bila jasho.

Dhana: Mwenye nyumba atanitoa au atapandisha anavyotaka

Sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, inamlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5. Kupandisha kodi au kukutoa kunataka notisi rasmi ya miezi miwili au zaidi, na ukiipinga kesi inakwenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Ndiyo maana wenye nyumba wanapenda mkataba wa miaka 5 na miezi 3. Ile miezi 3 haikuwekwa kwa bahati mbaya, inakutoa kwenye ulinzi huo. Ukikubali, basi wakili wako ahakikishe kiwango cha kupanda kwa kodi na haki ya kuongeza muda vimeandikwa. Maneno ya mdomoni usiyahesabu.

Dhana: Bei Mombasa haishuki

Waulize waliokuwa na magodauni na yadi za makontena upande wa Changamwe na Miritini. Treni ya mizigo ya SGR ilipoanza Januari 2018 na makontena yakaelekezwa Nairobi, kazi ilipungua. Uamuzi huo ulibatilishwa Septemba 2022, lakini aliyekuwa na mkopo katikati hapo alilipa benki kwa jengo lisilomwingizia kitu.

Dhana: Nyumba bila ardhi ni bahati

Majengo na Mwembe Tayari utaonyeshwa jumba la biashara kwa nusu ya bei ya jirani. Kinachouzwa ni kuta na bati. Ardhi ni ya mtu mwingine au ni wakfu, na ardhi ya wakfu haiuzwi. Benki nyingi hazikopeshi juu ya jengo kama hilo, kwa hiyo siku ya kuuza mnunuzi wako naye atatakiwa awe na taslimu. Kisha kuna ijara ya ardhi, ambayo unailipa juu ya gharama zote nilizotaja. Kabla hujatoa hata arubuni, omba risiti za ijara za miaka mitatu iliyopita, uone jina la anayelipwa, na uende ukamwulize mwenyewe kama anakutambua na ataipandisha lini.