Mstari wa Mwisho wa Tangazo

Mwajuma (si jina lake, lakini tumwite hivyo) alikuwa wa kumi na tisa kwenye benchi la kliniki. Anayejua kliniki za wajawazito Dar es Salaam anajua foleni yake: hamsimami, mnakaa. Aliye mbele akiitwa, benchi zima linasogea nafasi moja, kadi mkononi na mkoba mapajani. Alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ilipofika saa mbili alikuwa amesogea mara nne tu, basi akatoa simu.

Tangazo la kazi alikuwa ametumiwa na binamu yake jana yake, na alishalisoma mara moja, kwa haraka, akaona anachotaka kukiona: Afisa Mauzo, malipo Sh. 700,000 kwa mwezi. Usiku alilala akiziwaza hela hizo. Anauza vifaa vya ujenzi kwenye duka la jumla, mkataba wa kudumu, mwaka wa nne sasa, mshahara Sh. 600,000. Barua ya kuacha kazi alikuwa ameshaichapisha steshenari, imekunjwa ndani ya mkoba uleule uliokuwa mapajani.

Safari hii alisoma taratibu, kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Kuripoti ofisini saa 2:00 asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi. Kupangiwa maduka ya kutembelea na msimamizi. Atapewa simu na sare. Hataruhusiwa kuuza bidhaa za kampuni nyingine. Kisha, chini kabisa, baada ya maelekezo ya kutuma barua na vyeti, kulikuwa na mstari mmoja ambao jana aliuruka:

"Atakayechaguliwa ataingia mkataba wa kutoa huduma kama wakala wa kujitegemea."

Akaupiga picha akanitumia. "Dada, hii wakala wa kujitegemea ndiyo nini? Si ni kazi tu?"

Nimefanya kazi ya rasilimali watu kwa miaka mingi, na matangazo ya namna hii nimeyaandika mwenyewe, upande wa mwajiri, kabla sijahamia kushauri wafanyakazi. Kwa hiyo niliujua mstari ule kama mtu anavyoijua sauti ya mlango wa kwao. Nilimwuliza swali moja kwanza: "Mdogo wangu, kwenye hiyo kadi wamekuandikia wiki ya ngapi?" Akajibu: ya ishirini.

Tuanze na hela, maana ndizo zilizomvuta. Kwenye 600,000 za sasa, anakatwa asilimia 10 ya NSSF, yaani 60,000. Kodi ya mshahara inapigwa kwenye 540,000 zinazobaki, nayo inatoka 24,000. Mkononi anapata 516,000. Huko kwingine hatakatwa NSSF wala kodi ya mshahara. Malipo ya huduma yanazuiliwa kodi ya asilimia 5, kwa hiyo kwenye 700,000 atakatwa 35,000, abaki na 665,000. Tofauti ni 149,000 kwa mwezi, na ndiyo maana watu wanahama. (Hiyo asilimia 5 si mwisho wa habari. Inahesabika kama kodi iliyolipwa mapema, na hesabu za mwaka TRA ni juu yake mwenyewe. Wengi hulijua hilo wamechelewa.)

Sasa rudi kwenye ile NSSF. Yeye anatoa 60,000, mwajiri wake wa sasa anaongeza 60,000, kwa hiyo kila mwezi zinaingia 120,000 kwa jina lake. Wakala hana mwajiri wa kumwongezea. Anaweza kujiandikisha akachangia mwenyewe, lakini zote zitatoka mfukoni mwake. Toa 120,000 kwenye 149,000, zinabaki 29,000. Kwa mwaka mzima ni 348,000. Mfanyakazi ana likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo, wakala asipofanya kazi halipwi. Hizo siku 28 peke yake, kwa mshahara wake wa sasa, zina thamani kubwa kuliko hiyo 348,000. Kwa hiyo nyongeza aliyolala akiiwaza ilikuwa imeshaliwa kabla hatujagusa uzazi.

Nilimwandikia hesabu hiyo kwenye Watsapu. Benchi likasogea mara mbili, ndipo akajibu: "Kwa hiyo wananidanganya?"

Si lazima. Kuna wakala wa kweli, na Mwajuma anamfahamu: ni yule dada wa kibanda cha miamala ya simu nje ya geti la kliniki. Mtaji wa kuzungusha ni wake, kibanda ni chake, anahudumia mitandao mitatu, akifiwa anafunga siku nne na hakuna wa kumwuliza. Anapata kamisheni kwa anachofanya. Mtu huyo kuitwa mfanyakazi wa kampuni ya simu kungekuwa kichekesho. Lakini tangazo la Mwajuma lina saa ya kuripoti, lina msimamizi, lina simu na sare za kampuni, na linamkataza kuuza bidhaa za kampuni nyingine. Wamemvua jina la mfanyakazi, utumishi wenyewe wameuacha palepale.

Sheria ya Tanzania iliuona mchezo huu zamani. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mfanyakazi, mkataba wowote uandikwe vipi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kuna angalau dalili moja kati ya saba. Namna anavyofanya kazi iko chini ya maelekezo ya mwingine. Saa zake zinapangwa na mwingine. Ni sehemu ya taasisi hiyo. Amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Anamtegemea huyo mtu kiuchumi. Amepewa vitendea kazi. Anamhudumia huyo mmoja tu. Moja inatosha kuanzia, na kwenye tangazo lile nilihesabu nne bila kufika ofisini kwao.

Hapa ndipo washauri wengi huishia, wakamwacha mtu akijiona ana ngao. Mimi sipendi kuishia hapo, kwa sababu kanuni ile inakusaidia mkishagombana. Haikuandikishi NSSF asubuhi ya kwanza. Itabidi uwe umeshaachishwa au umenyimwa kitu, uende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya muda (siku 30 kama ni kuachishwa, 60 kwa migogoro mingine), nawe uwe na ushahidi. Kanuni hiyo inamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kinyume, ni kweli, ila zile dalili ni wewe unayepaswa kuzionyesha kwanza. Waliofanikiwa niliowaona walikuwa wametunza ujumbe wa simu: "Mbona hujaripoti?", "Leo nenda Mbagala", "Ukichelewa tena nakukata." Waliofuta ujumbe ili simu ipumue walibaki na mkataba tu, na mkataba unasema wakala.

Mwajuma akauliza swali ambalo lilinifurahisha, maana ni la mtu anayefikiri: "Je, nikiwaambia waubadilishe huo mstari, waniandikie mkataba wa ajira?"

Ningeweza kusema jaribu. Lakini ndipo ile wiki ya ishirini iliponikaa kichwani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Watu huisoma hapo wakafunga kitabu. Sehemu hiyohiyo ya likizo inaanza kwa sharti ambalo halitajwi sana: mfanyakazi mwenye utumishi chini ya miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo chini ya sehemu hiyo. Mwajuma analipwa kwa mwezi, kwa hiyo akiacha kazi anatakiwa kutoa taarifa ya siku 28. Angeanza kule akiwa wiki ya ishirini na nne. Kutoka hapo hadi wiki ya arobaini ni wiki kumi na sita, hazifiki hata miezi minne. Hata wangemwandikia mkataba mzuri kuliko wote, angejifungua kabla ya kutimiza miezi sita, na malipo ya zile siku 84 yangebaki kuwa hisani ya bosi mpya. Na akiwa chini ya miezi sita wakimwachisha, hawezi hata kudai kwamba ameachishwa isivyo halali kwa masharti ya kawaida ya sheria hiyo.

Kwa hiyo mstari wa wakala ndio uliomfanya aulize, ila kalenda ndiyo iliyofunga mjadala. Ningekuwa nazungumza na kijana asiye na kazi wala mimba, huenda ningemwambia achukue ile 700,000, ajiandikishe NSSF mwenyewe, na atunze ujumbe wote. Laki saba ni hela.

Aliwapigia hata hivyo. Namba ilikuwa kwenye tangazo. Hakuuliza habari za sheria, aliuliza tu: "Samahani kaka, NSSF mnatuchangia?" Akajibiwa kwa upole kabisa: "Hapana dada, hiyo kila mtu anajipangia. Sisi tunafanya kazi na mawakala." Akauliza tena: "Na nikiumwa wiki mbili?" Yule kaka akanyamaza kidogo, akasema watamwelekeza akifika kwenye usaili.

Ilipofika zamu yake ilikuwa saa tano kasoro. Akapimwa uzito, akapimwa presha, nesi akamkumbusha tarehe ya makadirio iliyoandikwa kwenye kadi. Alikuwa ameiona tarehe hiyo tangu hudhurio la kwanza bila kujua kwamba ina kazi nyingine. Mfanyakazi anatakiwa kumpa mwajiri taarifa ya kusudio la kuchukua likizo ya uzazi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe hiyo, pamoja na cheti cha daktari, na anaweza kuanza likizo wiki nne kabla ya kujifungua. Kwa wiki ya ishirini alikuwa na nafasi ya wiki kama saba za kuandika bila kukimbizana. Akamwomba nesi utaratibu wa kupata cheti, akaambiwa arudi Alhamisi kwa daktari.

Mchana akapita steshenari ileile. Kijana wa pale akamkumbuka: "Dada, barua ya jana ilikuwa na kosa?" Mwajuma akaitoa kwenye mkoba, akaigeuza. Nyuma alikuwa amenakili kwa kalamu hesabu zangu zote, kuanzia 149,000 hadi 348,000. Akamwambia abadilishe kichwa cha habari na aya zote mbili, tarehe na jina la meneja aviache vilevile.

Akanitumia picha ya barua mpya jioni. Nilimrekebisha sehemu moja tu: alikuwa ameandika "naomba". Nikamwambia aweke "natoa taarifa".