Mwezi pengo kwenye stetimenti ya NSSF

Mwezi pengo ni mwezi ambao ulifanya kazi, mshahara wako ukakatwa, lakini mchango wake haupo kwenye rekodi yako ya NSSF. Kuutambua si rahisi kama inavyodhaniwa, kwa sababu jicho hufuata kilichoandikwa. Shemeji yangu, mtunza stoo katika shamba moja la maua hapa Kaunti ya Nakuru, alinionyesha stetimenti yake Agosti 2024 akasema, "Shemeji, hii iko sawa, angalia jumla ilivyopanda." Jumla ilikuwa imepanda kweli. Mistari ndiyo iliyokuwa haitoshi.

Usianzie chini penye jumla. Chukua karatasi, andika miezi yote tangu ulipoajiriwa, kisha weka alama kwa kila mwezi unaouona kwenye stetimenti. Yeye aliajiriwa Septemba 2023. Hadi Juni 2024 hiyo ni miezi kumi. Julai hatukuihesabu: mwajiri ana hadi tarehe 9 ya mwezi unaofuata kulipa, na malipo huchukua siku kadhaa kuonekana, kwa hiyo mwezi wa mwisho ukikosekana bado si pengo. Tulipomaliza kuweka alama, Novemba, Machi, Aprili na Mei hazikuwa nayo, na Juni ilikuwa nazo mbili.

Kabla ya kugombana na mtu, angalia pia kiasi. Mshahara wake kabla ya makato ulikuwa shilingi 20,000. Mchango ni asilimia 6 kutoka kwake na asilimia 6 nyingine kutoka kwa mwajiri, lakini kuna kikomo cha mshahara unaohesabiwa. Hadi Januari 2024 kikomo kilikuwa 18,000, kwa hiyo kila upande ulitoa 1,080 na mstari ukasoma 2,160. Kuanzia Februari kikomo kikapanda hadi 36,000, mshahara wake wote ukahesabiwa, kila upande ukatoa 1,200 na mstari ukawa 2,400. Mruko huo si kosa. Ingekuwa kosa kama mstari wa Februari ungesoma 1,440, maana hapo mwajiri angekuwa ameripoti mshahara wa 12,000. Na kama ungesoma 840 tu, ningemuuliza kwanza kama kazini kwao kuna skimu ya pensheni. Mwajiri mwenye skimu iliyoidhinishwa anaweza kupeleka huko sehemu ya juu ya mchango, ile inayoitwa Tier II, na NSSF ikabaki na Tier I peke yake. Hela hiyo haijapotea. Iko kwingine.

Sasa tulikuwa na mapengo manne. Watu wengi hapa huandika barua moja kwamba "michango yangu ya miezi minne haipo", na barua hiyo huzunguka mezani miezi mingine minne. Mapengo hayafanani. Kila mchango huacha karatasi tatu: hati ya mshahara inayoonyesha ulikatwa, orodha ya wafanyakazi ambayo mwajiri hupakia kwenye mfumo wa NSSF, na risiti ya malipo. Orodha ina jina lako, namba ya kitambulisho, PIN ya KRA, namba ya NSSF na mshahara. Ikishapakiwa, mfumo hutoa namba ya malipo, UPN, ambayo mwajiri huitumia kulipa. Karatasi itakayokosekana au itakayokuwa na kosa ndiyo itakayokuambia umlalamikie nani.

Hati za mshahara alikuwa nazo zote, amezikunja ndani ya bahasha ya kadi ya harusi. Ni haki ya mfanyakazi kupewa hati hiyo chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, lakini inathibitisha makato tu. Haithibitishi kwamba hela ilitoka mlangoni. Kwa hiyo alimwendea karani wa mishahara, kwa upole, akaomba nakala ya orodha na risiti za miezi ile minne. Aombe miezi kwa majina yake, nilimwambia, asiseme "za mwaka jana".

Novemba ilikuwa na orodha na risiti. Tulipoiweka kando ya kitambulisho chake, tarakimu mbili za katikati zilikuwa zimebadilishana nafasi. Hela ilikuwa imefika NSSF ikakosa mwenyewe. Michango kama hiyo huishia ama kwenye akaunti ya fedha ambazo mwenyewe hajatambuliwa, ama, kwa bahati mbaya zaidi, kwa mwanachama mwingine mwenye namba ile. Ndiyo maana NSSF haitaisogeza kwa neno lako peke yako: inataka barua ya mwajiri anayekiri kosa ni lake.

Mei nayo ilikuwa imelipwa, lakini ikaandikiwa Juni. Ile alama ya pili ya Juni ilikuwa ndiyo Mei yenyewe iliyohama. Salio halikuwa limepungua, ila historia ilikuwa imepinda, na kurekebisha wakati karani bado yuko kazini ni rahisi kuliko kumtafuta baada ya miaka ishirini.

Machi na Aprili zilikuwa na hati za mshahara zenye makato ya 1,200, basi. Orodha hakuna, risiti hakuna. Karani aliinamisha kichwa akasema shamba lilikuwa na shida ya fedha miezi hiyo. Hapo hakuna marekebisho ya kuomba, kwa sababu hakuna hela ya kusahihishwa. Ni deni, na la shemeji si 2,400 bali 4,800: miezi miwili, pande mbili.

Kwa hiyo ziliandikwa barua mbili. Ya kwanza iliandikwa na mwajiri, kwenye karatasi yenye nembo, muhuri na namba ya mwajiri ya NSSF. Kiini chake kilikuwa hivi: "Mchango wa Novemba 2023 wa mfanyakazi huyu, shilingi 2,160, ulilipwa kwa namba ya kitambulisho yenye kosa. Namba iliyotumika ni hii, namba sahihi ni hii. Mchango wa Mei 2024, shilingi 2,400, ulilipwa ukaandikiwa Juni. Tunaomba yote mawili yarekebishwe." Iliambatanishwa na ile orodha, huku mstari wake ukiwa umepigiwa kalamu, risiti zenye UPN, nakala ya kitambulisho na stetimenti yenye mapengo. Ya pili aliandika mwenyewe, akalalamika kuhusu Machi na Aprili na kuambatanisha hati za mshahara. Malalamiko ya aina hiyo hupelekwa kwa maafisa wa ukaguzi, ambao wana mamlaka ya kufungua vitabu vya mwajiri na kumdai mchango pamoja na adhabu ya kuchelewa.

Alizipeleka katika tawi la NSSF mjini Nakuru, nakala mbili za kila moja, moja aachiwe ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mlinzi wa foleni alimuuliza za nini mbili. Akajibu moja ni ya bahasha ya harusi.

Stetimenti aliyochapa baadaye ilikuwa na Novemba, na Mei ilikuwa imerudi mahali pake. Machi na Aprili bado. Alirudi na ile nakala yenye muhuri, akaonyesha tarehe, na safari hii akaandikiwa jina la afisa anayeshughulikia faili la shamba.