Bima imekataa kulipa bili ya hospitali? Haya unayoambiwa si yote ya kweli

Nazungumzia zile bima za kibinafsi hapa Kenya, ya kazini ama ya kujilipia mwenyewe.

"Wakishakataa imeisha hiyo, lipa tu."

Haijaisha. Ile kleimu mara nyingi imepitiwa na mtu aliyeona karatasi mbili tatu tu, fomu ya kleimu, bili, na ile samari ya kuruhusiwa kwenda nyumbani ambayo daktari ameandika haraka haraka akiwa na wagonjwa wengine wanangoja. Unaweza kuomba iangaliwe upya. Lakini usianze kwa simu, omba kwanza barua ama imeili inayosema sababu ya kukataa na ni kifungu gani cha polisi yako, yaani mkataba wako wa bima, wametumia, maana ukiambiwa tu "haiko kavad" huna cha kujibu. Polisi nyingi pia zina muda wa kukata rufaa kwa hivyo soma yako mapema.

"Daktari akiandika barua ya kukusaidia inatosha."

Hapa ndio watu wengi wanaangukia. Barua ya "mgonjwa alikuwa mgonjwa sana, naomba mumlipie" haisaidii kitu, yule daktari wa bima anatafuta vipimo, na vipimo vinavyojibu ile sababu waliyotoa.

Chukua mfano wa mzee wa miaka 66 aliyelazwa siku tano na nimonia, bili 148,000, bima ikasema kulazwa hakukuwa lazima angetibiwa na kurudi nyumbani. Samari yake imeandikwa "nimonia, amepata nafuu, aendelee na vidonge". Ukisoma hiyo peke yake hata wewe ungejiuliza alilazwa ya nini! Sasa omba faili yenyewe. Kwenye chati ya manesi ya saa ile aliyofika, oksijeni ya damu ni asilimia 87 bila mashine na anapumua mara 32 kwa dakika. Maabara inaonyesha yurea 8.4. Madaktari wana kipimo kinaitwa CURB-65 cha kupima ukali wa nimonia, unapata pointi moja kwa kila kimoja cha hivi: kuchanganyikiwa, yurea kupita 7, kupumua mara 30 ama zaidi kwa dakika, presha kuwa chini sana, na umri wa miaka 65 kwenda juu. Mzee ana pointi 3, hiyo inahesabiwa nimonia kali ya kutibiwa hospitalini, na hapo hata hatujahesabu hiyo oksijeni.

Kwa hivyo barua ya daktari iwe fupi, itaje hizo namba na tarehe na saa, iseme kwa nini vidonge vya nyumbani havingetosha, halafu uambatanishe chati ya manesi, majibu ya maabara, ripoti ya eksirei na karatasi ya dawa inayoonyesha sindano na oksijeni vilitolewa mpaka siku gani. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau na ndiyo inaamua siku ngapi zitalipwa. Kama oksijeni iliondolewa siku ya tatu na mzee akabaki mpaka ya tano bila sababu kuandikwa, tarajia walipe siku tatu ama nne wakatae zilizobaki, na kusema kweli hapo hawajakosea sana.

"Faili ni ya hospitali, hawawezi kukupa."

Karatasi ni zao, habari zilizo ndani ni zako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuona data yako, na mtu mwingine anaweza kukuombea kama umempa idhini. Andika ombi kwa ofisi ya rekodi na utaje karatasi unazotaka moja moja, ukisema tu "faili yote" utapewa samari ile ile.

"Nenda IRA moja kwa moja, watawalazimisha."

IRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia bima, inapokea malalamiko dhidi ya kampuni za bima, lakini watakuuliza umeshaandikia kampuni yenyewe na ilijibu nini, kwa hivyo weka zile imeili zote. Na wao hawabadilishi polisi uliyosaini. Kama kifungu kinasema wazi ugonjwa fulani haulipiwi mwaka wa kwanza na wewe umelazwa nao mwezi wa nane, vipimo vizuri namna gani havitakuokoa, labda uonyeshe ulichotibiwa si ugonjwa huo. Na kama aliyekataa ni SHA, yaani bima ya afya ya serikali, hiyo siyo ya IRA kabisa, Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 imeweka baraza lake la kusuluhisha mizozo.