Vizibo vya soda havimdumazi mtoto: dhana potofu kuhusu kujumlisha hadi kumi

Huku kwetu Ujiji, mtoto wa darasa la kwanza akikutwa mkekani na vizibo vya soda akifanya hesabu, hakosi mtu mzima wa kumwambia aviweke kando atumie akili. Mimi nafundisha watoto wa umri huo, na nimeona kauli hiyo inavyowarudisha nyuma.

Dhana: Vizibo na vidole humfanya mtoto awe mvivu wa kufikiri.

Ukweli ni kwamba tatizo haliko kwenye vizibo, liko kwenye kuvimwaga ovyo. Mpe mtoto 8 + 5. Atahesabu vinane, atahesabu vitano, atavichanganya, kisha ataanza upya: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tatu. Jibu amelipata, lakini nane hakuiona kama kitu kizima. Ukimnyang'anya vizibo hapo, haachi kuhesabu moja moja. Anahamia kwenye vidole chini ya dawati.

Chukua trei ya mayai, ile ya mayai thelathini. Ina mistari sita yenye vishimo vitano vitano, kwa hiyo ukikata mistari miwili miwili unapata vipande vitatu vya vishimo kumi. Mtoto ajaze mstari wa juu kwanza, ndipo aje wa chini. Sasa nane ina sura: tano juu, tatu chini, na vishimo viwili vitupu. Hivyo vitupu ndivyo ninavyotaka avitazame, maana vinamwambia nane inadai mbili ili ifike kumi.

Dhana: Akiweza kuimba "saba na tatu kumi, sita na nne kumi", ameshajua.

Wimbo unaweza kukaa mdomoni tu. Jozi za kumi si nyingi, ni sita ukianzia kumi na sifuri hadi tano na tano, na kuzijaribu ni rahisi. Mpe vizibo kumi avitikise viganjani na kuvitupa mkekani. Ahesabu vilivyolala chali, kisha aseme vilivyolala kifudifudi ni vingapi bila kuvigusa. Mtazame usoni. Midomo ikichezacheza, bado anahesabu. Akitaja papo hapo, jozi hiyo anayo. Akihangaika sana, punguza viwe vitano. Za tano zinakuja kabla ya za kumi, na utaona chini kwa nini anazihitaji.

Dhana: Anayejibu 12 au 15 kwa 8 + 5 anabahatisha.

Mara nyingi habahatishi hata kidogo, na kila jibu lina chanzo chake. Anayepata 12 amesema "nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili". Ametaja maneno matano, ila nane aliyokuwa nayo tayari ameihesabu tena. Mwambie afunike vile vinane kwa kiganja na kusema "nane", kisha aguse kizibo cha kwanza cha pembeni akisema "tisa".

Hilo la 15 lilinipa kazi zaidi. Binti wa dada yangu alikuwa anajua vizuri kwamba nane inadai mbili, lakini kila mara alileta kumi na tano. Siku moja nikanyamaza nikaangalia mikono yake. Alipanga vinane kwenye trei, akaweka vitano pembeni, kisha vile viwili vya kujazia akavichota kwenye mfuko! Vitano vyake vikabaki vitano.

Nikaufunga mfuko. Vinane vikawa vyekundu, vitano vikawa vya kijani. Nikamwambia, "Vishimo vijazwe na hivi vya kijani tu." Akahamisha viwili. "Mkononi vimebaki vingapi?" Akatazama: "Vitatu, mama mdogo." Hapo ndipo alipohitaji kujua kwamba tano ni mbili na tatu. Kisha nikamwonyesha trei iliyojaa: hii ni kumi. Nikamgusa kiganja: na hizi ni tatu. Akajisemea mwenyewe, "Kumi... na tatu." Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa sababu jina la jibu limeshataja vilivyo kwenye trei na vilivyobaki mkononi.

Dhana: Vizibo viondolewe siku anapoanza kupata majibu.

Usiviondoe vyote kwa mkupuo. Kwanza mwache atazame trei yenye vizibo bila kuvigusa, baadaye trei tupu, mwishowe afumbe macho akueleze vishimo vingapi havijajaa. Akikwama, trei irudi bila kumkaripia. Juzi nilimuuliza yule binti 9 + 4 tukiwa njiani kutoka sokoni. Alisimama, akanyosha kidole hewani kana kwamba anasukuma kizibo kimoja, akasema kumi na tatu.