Jiji la Mexico na ngazi 14 za ziada

*Kuvuta maji ya visima kunawezaje kuzamisha mji mzima, na watu wanajuaje umezama kiasi gani?*

Ukifika kwenye mnara wa Malaika wa Uhuru jijini Mexico, tazama chini kabla ya kutazama juu. Tangu ulipozinduliwa mwaka 1910, umeongezewa ngazi 14 ili watu waweze kuufikia. Si kwamba uliinuliwa. Msingi wake umekaa juu ya nguzo ndefu zilizopigwa ardhini, ilhali barabara inayouzunguka imeshuka.

Sehemu kubwa ya jiji hilo iko juu ya sakafu ya ziwa la kale, Texcoco. Chini ya barabara kuna tabaka nene la udongo wa mfinyanzi, na maji yaliyomo yana uzito mara kadhaa kuliko udongo wenyewe ukikaushwa. Visima havichoti humo. Vinachota chini zaidi, kwenye mchanga na changarawe. Presha ya maji ikipungua kule chini, maji ya mfinyanzi nayo huanza kuteremka, polepole mno, kwa miaka mingi.

Presha hiyo ndiyo iliyokuwa ikisaidia kubeba mzigo wa juu. Ikishuka kwa kiasi cha maji yenye kimo cha mita 10, chembe za udongo hubebeshwa takriban tani 10 zaidi kwa kila mita ya mraba. Zinabanana, nafasi kati yao zinafungwa, na hata maji yakirudi ardhi hainyanyuki ila kidogo tu. Mhandisi Nabor Carrillo alionyesha uhusiano huu miaka ya 1940. Baadaye visima vya katikati ya jiji vikapunguzwa na kuzama kukapungua pale, ila uchotaji ukahamia pembezoni, nako kukaanza kuzama.

Zamani upimaji ulikuwa wa wapima ardhi kutembea na darubini kutoka alama hadi alama. Siku hizi setilaiti kama Sentinel-1 hupiga picha za rada, na kompyuta hulinganisha mawimbi yaliyorudi safari mbili tofauti. Wimbi lina urefu wa sentimita 5.5 hivi, na kwa kuwa linakwenda na kurudi, kila ardhi ikisogea sentimita 2.8 wimbi hukamilisha mzunguko mmoja na kuonekana tena kama mwanzo.

Hapo ndipo penye mtego. Maeneo mabaya zaidi ya jiji hilo huzama karibu sentimita 50 kwa mwaka. Picha zikipishana siku 12 ni sentimita 1.6, haifiki mzunguko mmoja, hesabu inakaa vizuri. Linganisha picha zilizopishana miezi miwili na utapata zaidi ya sentimita 8, karibu mizunguko mitatu, na kompyuta inaweza kuruka mmoja bila kujua. Tena rada husema tu sehemu hii imeshuka kuliko ile. Ndiyo maana vipokezi vya GPS huwekwa pia, vingine juu ya mwamba usiozama, ili kila namba iwe na pa kuanzia.