Barua ya mpishi mdogo kwa ofisi jirani: yanayodhaniwa na yalivyo

Tuchukue mpishi mwenye jiko Chikongola, Mtwara, anayetaka kuipelekea ofisi ya watu 24 kule Shangani chakula cha mchana kila Jumanne na Alhamisi. Barua za namna hii nyingi hukwama, na mara nyingi tatizo si mapishi.

Dhana: Barua nzuri ni ile inayomsifu mpishi.

Barua huandikwa kwa Meneja, lakini kwa kawaida humwangukia afisa utawala. Huyo hatafuti "huduma bora na ya kisasa". Anataka kujua ni siku gani, saa ngapi, sahani ngapi, bei gani, na nani analipa. Ukishaandika "Husika na kichwa cha habari hapo juu" (wengi hawawezi kuanza bila sentensi hiyo, na haina ubaya), aya inayofuata iyataje hayo matano. Ukurasa mmoja unatosha. Menyu ya wiki mbili, nakala ya leseni ya biashara na vyeti vya afya vya wapishi viambatanishwe nyuma.

Dhana: Bei ikiwa ndogo, ofisi itakubali na mpishi atapata faida kwa wingi wa sahani.

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Tuseme sahani ya wali wa nazi, samaki na mchicha inauzwa shilingi 4,000, na viungo vyake vinagharimu 2,400. Mchele mkavu gramu 150 kwa mtu, watu 24 ni kilo 3.6. Juu ya viungo kuna gharama zisizojali idadi ya walaji: bajaji 5,000, msaidizi 10,000, mkaa 4,000. Jumla ni 19,000 kila siku ya kupeleka.

Sahani 24 zinaingiza 96,000. Ukitoa viungo 57,600 na hizo 19,000, inabaki 19,400. Sasa nusu ya ofisi wamesafiri kikazi, wamebaki 12. Mapato ni 48,000, viungo 28,800, na zile 19,000 ziko palepale. Kilichobaki ni shilingi 200. Na kama simu ya "leo tuko 12" imepigwa saa nne asubuhi wakati wali wa watu 24 uko jikoni, hiyo ni hasara tupu.

Kwa hiyo kinachomlinda mpishi ni masharti mawili kuliko ukubwa wa bei, nayo yaandikwe waziwazi:

"Idadi ya chini ni sahani 15 kwa siku. Ofisi itathibitisha idadi kabla ya saa 10 jioni ya siku iliyotangulia. Sahani zilizothibitishwa zitalipiwa hata kama hazikuliwa."

Kwa sahani 15 inabaki 5,000. Si nyingi, lakini mpishi hajapika bure. Ofisi nayo haichukizwi na sharti hili ikilisoma mapema. Huchukizwa likitajwa siku ya kudaiana.

Dhana: Ofisi ikisema ndiyo, ofisi ndiyo italipa.

Si lazima. Wakati mwingine "ndiyo" ya Meneja maana yake ni ruhusa ya kuingia getini, na kila mfanyakazi hujilipia mwenyewe. Basi barua imwombe mtu mmoja wa kuandikisha majina na namba moja ya kulipia, vinginevyo mpishi atazunguka meza kwa meza akidai. Kama inalipa taasisi ya serikali, barua peke yake haileti zabuni: ununuzi wa umma hupita kwenye mfumo wa NeST, na mpishi anatakiwa awe amejisajili humo.

Dhana: Menyu ikishaandikwa isibadilike.

Ukiahidi "samaki changu kila Alhamisi" umejifunga. Kipindi cha kusi bahari huchafuka na ngalawa haziendi mbali. Andika "samaki wa siku hiyo", na mbadala wake, mathalani kuku au mbaazi za nazi. Akipatikana jodari, awe amekaa kwenye barafu tangu avuliwe. Akiachwa joto hujenga histamini, ambayo moto hauiondoi hata akikaangwa vizuri, na walaji huwashwa na kuwa wekundu usoni muda mfupi baada ya kula. Wali nao uondoke jikoni ukiwa moto kwenye hotipoti na uliwe ndani ya saa mbili. Saa ya kuwasili iwe 6:45 mchana.

Ramadhani pia iwe na mstari wake. Katika ofisi nyingi za huku walaji hupungua chini ya 15, na sharti la idadi ya chini likibaki lilivyo litageuka ugomvi. Andika kwamba mwezi huo huduma itasimama, au itaendelea kwa idadi na bei mtakayokubaliana wiki mbili kabla.